Kitu ulichokipesti kutoka picha ya lenzi pana kimevutika? Tafuta chanzo kwanza, ndio ukinyooshe

Malalamiko yanakuja kwa maneno tofauti ila ni yaleyale: nimemkata mtu kwenye picha ya simu nikampesti kwenye picha nyingine kichwa kimekuwa kipana, mpira umekuwa yai, chupa imelalia upande. Na karibu kila mtu anafanya kitu kimoja, anashika pembe ya kile kitu anakisukuma kwa macho mpaka kionekane sawa, kichwa kinakubali miguu inakataa, anarudi anasukuma tena, mwisho anasema picha ni mbovu. Picha mara nyingi si mbovu. Kuvutika kuna vyanzo kadhaa na kila kimoja kina dawa yake, sasa dawa ya kimoja ukiiweka kwenye kingine ndio unaharibu kabisa. Kwa hiyo angalia dalili yako hapa chini, anza na vipimo vyepesi, usirukie programu kubwa.

Dalili ya 1: kimepanuka au kimerefuka sawasawa, mlalo tu au wima tu

Hii maliza kwanza maana ni ya dakika moja. Chanzo kinachoongoza ni mkono wako mwenyewe, wakati wa kupesti ulibadilisha saizi huku upana na urefu havijafungwa pamoja. Kwenye GIMP kuna kialama cha mnyororo katikati ya namba mbili za saizi, kikiwa kimekatika basi upana unaenda kivyake na urefu kivyake. Kwenye Photoshop kitufe cha Shift kiliwachanganya wengi, matoleo ya zamani ulikuwa unakishikilia ili uwiano ukae, kuanzia CC 2019 ukikishikilia unauvunja.

Kipimo: fungua picha ya asili, pima kitu chako upana na urefu kwa pikseli, gawanya upana kwa urefu. Pima tena kwenye picha mpya. Namba zikitofautiana, kosa limetokea kwenye kupesti, futa ile leya upesti upya. Zikilingana na bado kitu kinaonekana cha ajabu, basi kilikuwa hivyohivyo tangu kwenye picha ya asili, ila hukukiona kwa sababu pale kilikuwa na majirani waliovutika pamoja nacho. Endelea chini.

Dalili ya 2: kimevutika kwa mshazari, kana kwamba kona ya picha imekivuta

Hii ndio kesi yenyewe, na ndio inayotokea zaidi kwa picha za simu hasa ile lenzi ya 0.5x. Elewa kinachotokea kwanza, maana ukishaelewa hesabu inakuwa nyepesi.

Lenzi pana ya kawaida, sio ile ya jicho la samaki, imetengenezwa ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka. Ili hilo liwezekane kila kitu kinapigwa kwenye sensa bapa. Mwanga unaotoka mbele moja kwa moja unatua wima kwenye sensa, ila unaotoka pembeni unatua kwa mshazari, na mshazari ukizidi alama yake inazidi kurefuka. Inarefuka kuelekea wapi? Kutoka katikati ya picha kwenda nje. Ndio maana mpira ulioko kulia katikati unapanuka kwa mlalo, ulioko juu katikati unarefuka kwa wima, na ulioko kona unavutika kimshazari kuifuata kona.

Kuna jambo moja watu wengi hawalijui na linasababisha marekebisho mengi ya bure: kuvutika huku kunakamata vitu vyenye unene tu, mpira, kichwa, mwili wa mtu, chupa. Kitu bapa kilichoikabili kamera sawasawa, mfano bango ukutani huku kamera imeutazama ukuta bila kupinda, hakivutiki hata kikiwa kona kabisa. Duara lililochorwa kwenye bango linabaki duara, na mpira ulioshikwa palepale pembeni ya bango unakuwa yai. Kwa hiyo kama ulichokata ni bango, fremu ya dirisha au uso wa saa ya ukutani na kamera ilikuwa imeukabili ukuta, usitumie dawa ya hapa, utakiharibu kilichokuwa kizima.

Vipimo vyepesi sasa. Fungua picha ya asili nzima, isiyokatwa. Weka alama katikati. Chora mstari kutoka katikati mpaka kwenye kitu chako. Kama kitu kimerefuka kuufuata mstari huo, umepata chanzo. Kama kimerefuka kuukata huo mstari, au kimepinda, nenda dalili ya 3.

Halafu tafuta urefu wa fokasi uliolinganishwa na filamu ya milimita 35. Uko kwenye taarifa za picha, simu nyingi zinauonyesha ukigusa alama ya taarifa, au kwenye kompyuta kwa ExifTool:

```
exiftool -FocalLengthIn35mmFormat -ImageSize picha.jpg
```

Kama picha ilikufikia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo hazipo tena, mwambie aliyekutumia aitume kama dokumenti.

Sasa hesabu. Chukua ulalo wa picha kwa pikseli, yaani kona mpaka kona, zidisha kwa urefu wa fokasi, gawanya kwa 43.3 ambao ndio ulalo wa fremu ya filamu kwa milimita. Unapata urefu wa fokasi kwa pikseli, tuuite f. Kisha pima umbali kutoka katikati ya picha mpaka katikati ya kitu, tuuite r. Kiasi cha kuvutika ni hiki:

```
k = sqrt(1 + (r/f)^2)
```

Mfano tuufanye mpaka mwisho. Picha ni 4000 kwa 3000, imepigwa na lenzi pana kabisa ya simu, fokasi milimita 13. Ulalo wake ni pikseli 5000 kamili. 5000 mara 13 gawanya kwa 43.3 ni kama 1500, hiyo ndio f. Kuna mpira karibu na kona ya chini kulia, katikati yake iko pikseli 3600 kutoka kushoto na 2700 kutoka juu. Katikati ya picha ni 2000 na 1500, kwa hiyo mpira umeenda kulia 1600 na chini 1200, umbali wa moja kwa moja ni 2000, hiyo ndio r. 2000 gawanya kwa 1500 ni 1.333, kipeo chake cha pili ni 1.778, jumlisha 1 ni 2.778, kipeuo cha pili cha hiyo ni 1.667. Yaani mpira umerefuka kwa asilimia 67 hivi kuelekea kona. Ukiupima kwenye picha utakuta mathalani 500 kwa urefu na 300 kwa upana, inakubali. Dawa ni kinyume chake, 1 gawanya kwa 1.667 ni 0.6, unaubana urefu ubaki asilimia 60.

Kwa kulinganisha, kitu kikiwa ukingoni kulia katikati kwenye fremu hiyohiyo, kwa lenzi ya milimita 24 ambayo ndio kubwa ya kawaida ya simu nyingi kinavutika kama asilimia 23, na kwa milimita 50 kama 6 tu. Ndio maana picha za lenzi ndefu hakuna anayelalamika.

Upande wa kubana: kwenye mfano wetu kulia 1600 na chini 1200 ni pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka mlalo. Programu nyingi zinabana mlalo au wima tu, hazijui mshazari, kwa hiyo unakizungusha kitu mpaka mstari wake wa kuvutika ulale mlalo, unabana, unakirudisha. Kwenye GIMP: kitu kiwe kwenye leya yake, chukua zana ya kuzungusha, andika pembe -37, kubali. Nenda Layer > Scale Layer, weka asilimia badala ya pikseli, kata mnyororo, upana 60 na urefu uache 100, kwenye Interpolation chagua NoHalo. Kisha zungusha tena 37. Mpira unarudi kuwa mpira, 300 kwa 300.

Usifanye kinyume, yaani kuupanua ule upande mfupi ufike 500, hapana. Ile 300 ndio saizi ambayo mpira huohuo ungeupata ukiwa katikati ya picha kwenye safu ileile ya umbali, kwa hiyo ubane mrefu, mfupi usiuguse. Faida nyingine ni kwamba pembeni pa lenzi pana kwa kawaida pana ukungu kidogo, ukibana unaukaza, ukipanua unauongeza.

Anayependa amri anaweza kufanya yote kwa ImageMagick mara moja, faili liwe PNG lenye uwazi nyuma:

```
magick kitu.png -background none -rotate -37 -resize "60%x100%" -rotate 37 +repage sawa.png
```

Hiyo alama ya kutoa ni kwa kitu kilichoko chini kulia au juu kushoto. Kikiwa juu kulia au chini kushoto unabadilisha, kwanza 37 kisha -37. Ukikosea utaliona hapohapo, kitu kinapinda vibaya zaidi badala ya kutulia.

Watumiaji wa Photoshop angalieni hapa: kitu kikiwa Smart Object, ukishakizungusha boksi lake linabaki limezunguka nacho, kwa hiyo ukibana unabana kwa mihimili ya kitu sio ya skrini na hutapata ulichotaka. Baada ya kuzungusha kigeuze tena kuwa Smart Object, boksi linanyooka, ndio ubane.

Sasa kwa mtu mzima au gari hii ya kubana mara moja haitoshi. k inabadilika ndani ya kitu chenyewe, upande ulio karibu na ukingo umevutika kuliko ulio karibu na katikati, kwa hiyo ukibana kwa kiasi kimoja kichwa kinakaa na mkono wa nje unabaki mnene. Mimi naona kitu kikichukua zaidi ya sehemu moja ya sita ya upana wa picha acha hesabu ya mkono, tumia Hugin. Ni programu ya bure ya kuunga panorama ila hapa unaitumia kwa picha moja, kuigeuza kamera baada ya picha kupigwa kana kwamba ulikuwa umeielekeza kwenye kile kitu tangu mwanzo. Unapakia picha nzima kabla ya kukata chochote, aina ya lenzi Normal (rectilinear), HFOV, yaani pembe ya mlalo ambayo lenzi inaiona, kwa mfano wetu ni nyuzi 106. Namba hiyo inatoka hapa: nusu ya upana 2000 gawanya kwa f 1500, chukua pembe ya tanjenti hiyo ambayo ni nyuzi 53, zidisha mara mbili. Fungua Fast Panorama preview, kwenye kichupo cha Projection chagua Rectilinear, kwenye Move/Drag ivute picha mpaka kitu chako kikae katikati kabisa, punguza eneo la kuonekana libaki kitu na nafasi kidogo, kisha toa picha. Hapo ndio ukate kitu. Kinatoka kimenyooka chote, bila kuzungusha wala kubana.

Dalili ya 3: kimepinda, mistari iliyonyooka imekuwa upinde

Kama ukingo wa mlango au mguu wa meza umejikunja, hilo ni kosa la lenzi linaloitwa pipa, mistari inatumbuka nje kama ubavu wa pipa, tofauti kabisa na kuvutika. Mara nyingi picha za JPEG za simu zimeshanyooshwa humohumo ndani, kwa hiyo ukiona hivi kwanza jiulize kama ni faili ghafi, yaani RAW, lililofunguliwa bila profaili ya lenzi, au ni kamera ndogo za michezo zinazopiga kwa jicho la samaki. Kwa ghafi washa profaili, kwenye programu ya darktable ni moduli ya lens correction. Kwa JPEG isiyo na profaili kuna Filters > Distorts > Lens Distortion ya GIMP, cheza na Main kidogo kidogo ukiwa na mstari mmoja unaoujua umenyooka kama kipimo.

Mpangilio ni lazima: nyoosha pipa kwenye picha nzima kwanza, ndio uende dalili ya 2, ndio ukate. Ile fomula inafanya kazi kwa picha ambayo mistari yake tayari imenyooka, ukiipeleka kwenye jicho la samaki inakupa namba safi ya uongo.

Dalili ya 4: pua kubwa masikio madogo, mkono wa mbele mkubwa kuliko kichwa

Hapa hakuna kilichovutwa na sensa, kamera ilikuwa karibu mno. Pua ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye lenzi na masikio 40, pua inatoka kubwa mara 1.33 ukilinganisha na masikio. Ukirudi nyuma pua ikawa sentimita 150 na masikio 160, tofauti inakuwa 1.07 na hakuna anayeiona. Jambo la kukera ni kwamba kubana hakusaidii, maana kuna sehemu za uso ambazo kamera haikuziona kabisa, mashavu yamefunika masikio, na pikseli ambazo hazipo huwezi kuzinyoosha. Unaweza kupunguza pua kwa zana ya Warp kidogo, asilimia chache, ila ukiona unazidi hapo acha. Piga upya, rudi nyuma hatua mbili tatu utumie zumu au lenzi kubwa ya kawaida badala ya ile pana.

Dalili ya 5: nimefuata hesabu na bado si sawa

Kinachoongoza hapa ni picha iliyokropiwa. Katikati ya kropu sio katikati ya lenzi, kwa hiyo r yako ni ya uongo tangu mwanzo. Tafuta faili la asili. Likishapotea kabisa, tafuta kwenye ile kropu kitu unachojua ni cha mviringo pande zote, mpira au taa ya globu, pima urefu na upana wake utumie uwiano huo badala ya fomula kwa vitu vilivyo jirani nacho, na mstari wake mrefu ndio unakuonyesha katikati ya asili ilikuwa upande gani. Usitumie gurudumu wala sahani maana hivyo ni bapa, vinakuwa yai kwa sababu nyingine kabisa.

Pili, simu inaweza kuwa imeshafanya kazi nusu. Baadhi ya simu zinarekebisha nyuso zilizoko pembeni zenyewe, kwenye iPhone za karibuni ipo Settings > Camera > Lens Correction. Fomula inasema 1.6 na wewe ukipima kichwa unaona 1.25 tu, basi amini ulichopima, ukibana kwa 1.6 utapata kichwa chembamba.

Tatu, kitu kimenyooka umbo ila kimelala. Hii ni kawaida na haimaanishi umekosea. Mtu aliyesimama kona alikuwa wima kwenye picha ya asili, ukibana kwa mshazari wima wake unageuka, kwa hiyo malizia kwa kumzungusha mpaka asimame. Fanya hivyo mwishoni.

Na ya nne, ambayo inachekesha kidogo: mahali unapopesti nako ni picha ya lenzi pana, na unakiweka kitu kona. Hapo kila jirani wa kitu chako amevutika, chako peke yake ndio hakijavutika, jicho linakikataa. Kipe k ya mahali pake papya kwa fomula ileile, f ya picha mpya na r mpya, safari hii unarefusha badala ya kubana, na mstari unatoka katikati ya picha mpya. Usihamishe kitu kikiwa na kuvutika kwake kwa zamani, kutoka kona ya kulia kwenda ya kushoto, mshazari unakuwa kinyume na hapo hata asiyejua kamera anashtuka.

Wapi usimame

Kama picha ni ushahidi wa ajali, wa kesi au wa madai ya bima, usiinyooshe hata kidogo, peleka faili la asili kama lilivyo, anayetaka vipimo mwenye fani ya kupima kwa picha atafanya mwenyewe kutoka kwenye hilo. Picha za kidonda au za mwili kwa ajili ya daktari nazo hivyohivyo. Picha ya pasipoti usiitoe kwenye lenzi pana uanze kuibana, piga nyingine.

Kwa kazi ya mteja, mpe fundi wa kurekebisha picha pale kitu kimoja kina dalili mbili kwa pamoja, mfano mtu wa kona aliyekuwa pia karibu sana na kamera, mkono umenyooshwa kwenye lenzi. Hapo inabidi viungo vikatwe kimoja kimoja, kila kimoja kipewe kiasi chake, viungwe tena na ngozi ipakwe upya kwenye maungio. Kabla ya kumpelekea hakikisha unampa faili zima la asili lenye taarifa zake, sio kile kipande ulichokwisha kukibana, maana kila ukizungusha na kubana pikseli zinachakaa na yeye ataanza na kilichochoka.